Baba Mdogo Hana Siku

Barua ya kuomba ruhusa ya msiba ndiyo fupi kuliko zote ninazoandika, na ndiyo inayonichukua muda mrefu zaidi. Ya kulalamikia bili ya maji humalizika kabla chai haijapoa. Hii ya msiba huanza na mtu analia jikoni kwangu, na mimi kabla sijaandika neno lolote inanibidi nimuulize maswali ambayo kwetu mfiwa haulizwi. Marehemu ni nani wako hasa? Mlikuwa mnakaa nyumba moja? Anazikwa siku gani? Siku hiyo ulikuwa uende kazini au ulikuwa mapumzikoni?

Kijiji chetu ni Matonge, katika manispaa ya Ixelles, hapa Brussels. Jina lilitoka Kinshasa pamoja na watu, na watu wa Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi wakaja kukaa humohumo na Kiswahili chao. Nikisema kijiji sifanyi mzaha. Kifo kikitokea Kongo asubuhi, jioni wauza mihogo wa Chaussée de Wavre wameshajua nani ana kilio. Na mtu aliyewahi kushika chaki hata mwaka mmoja anaitwa Mwalimu mpaka anakufa, na anaandikia wengine barua, apende asipende. Wabelgiji wenyewe wana watu wa kazi hii. Chama cha Présence et Action Culturelles kinawafundisha waandishi wa kujitolea, wanakaa maktabani au kwenye ofisi za misaada, wanakuandikia bure na siri yako haitoki. Ila kwao kuna siku na saa za kufika, na kifo hakingoji saa hizo. Kwa hiyo watu wanagonga mlango wangu.

Jirani aliyegonga jioni ile nitamwita Mama, kama ninavyomwita kila siku. Anazungumza Kimashi, Kiswahili, Kilingala cha sokoni na Kifaransa cha jikoni za watu, lakini hakumaliza hata darasa la kwanza. Anafanya kazi ya usafi wa majumbani kwa vocha, ule mpango ambao mwenye nyumba ananunua vocha na kumpa mfanyakazi moja kwa kila saa. Alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi zake zote, na nusu ya bahasha zilikuwa hazijafunguliwa.

“Mwalimu, baba amekufa. Niandikie konje.”

Nikampa pole, tukakaa. Kisha nikauliza swali la kwanza, na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana baba yake mzazi alikufa miaka miwili nyuma. Mimi mwenyewe nilikula kwenye matanga yake.

“Huyu ni baba mdogo,” akasema. “Lakini ni baba. Yule wa kwanza alienda Kindu kwenye machimbo, akaoa huko. Huyu ndiye aliyenilea tangu nina miaka sita. Mahari yangu aliipokea yeye.”

Kwa mila yetu hakuna la kuongeza hapo. Aliyepokea mahari ni baba. Kwa sheria ya Ubelgiji mambo yamepangwa namna nyingine, na mwandishi asiyejua mpangilio huo anaweza kumfukuzisha mtu kazi kwa huruma yake mwenyewe.

Siku za msiba hapa zinatokana na sheria ya mikataba ya kazi ya tarehe 3 Julai 1978, na orodha yake imo katika amri ya kifalme ya tarehe 28 Agosti 1963. Ukifiwa na mume, mke au mtoto, una siku 10 zenye malipo. Zamani zilikuwa 3 tu, zikaongezwa na sheria ya mwaka 2021. Tatu kati ya hizo huchukuliwa tangu siku ya kifo hadi siku ya maziko, na 7 zilizobaki unazitumia ndani ya mwaka mmoja. Ukifiwa na baba, mama, baba mkwe au mama mkwe, una siku 3. Kwa ndugu wa tumbo moja, babu au bibi una siku 1, nayo ni siku ya maziko yenyewe. Zinakuwa 2 ikiwa mlikaa chini ya paa moja. Wakimzika kaka yako Jumamosi na wewe Jumamosi hufanyi kazi, siku yako imekwenda naye kaburini. Orodha inamalizia kwa wajukuu, mashemeji na wake na waume wa watoto. Baba mdogo hamo. Shangazi hamo, wala mjomba, wala binamu mliyenyonya ziwa moja. Labda mkataba wa kiwanda fulani au kanuni za kampuni fulani ziwe zimewaongeza, lakini amri ya mfalme haiwajui.

Nilimweleza Mama hayo taratibu. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa wazo ambalo kila mtu hulitoa.

“Basi andika baba. Nani atajua?”

Swali halali, na jibu lake si mahubiri. Mwajiri ana haki ya kudai uthibitisho, na kwa kawaida anataka cheti cha kifo au tangazo la maziko. Cheti kutoka Bukavu kingekuja na jina la mtu mwingine. Na hata kisingedaiwa, kulikuwa na jambo jingine mle ndani ya mfuko wa plastiki. Nikichambua karatasi za mishahara nikaipata ile ya mwezi alioomboleza mara ya kwanza: siku 3, kifo cha mzazi, ajensi hiihii inayomwajiri. Nikamwonyesha.

“Mama, kwa hawa watu baba yako tumeshamzika. Tukimzika tena watauliza alifufuka lini.”

Akacheka, machozi yakiwa bado usoni. Uongo wa namna hiyo ukigunduliwa unaweza kuhesabiwa kosa zito, na kwa kosa zito mtu anaachishwa papo hapo, bila notisi wala fidia. Kupoteza kazi ya miaka kwa ajili ya mshahara wa siku tatu ni biashara mbaya.

Likaja la pili. Alitaka niandike kwamba anasafiri kwenda kuzika, kwa sababu safari ni sababu nzito na kukaa nyumbani kunaonekana ni uvivu. Hapa nilikataa kabla hajamaliza. Mama ni mkimbizi. Hati yake ya kusafiria inamfikisha nchi nyingi isipokuwa Kongo, na mkimbizi anayerudi katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji ulinzi wa Ubelgiji. Barua ya kazi haipelekwi kwa maofisa wa uhamiaji, hilo najua. Lakini karatasi ikishasainiwa haina mwenyewe. Mtu hasaini kwamba anakwenda mahali asipokwenda, hasa mahali palepale ambapo maisha yake ya hapa yanategemea kutokwenda.

Ukweli ulitosha, tena ulikuwa mzito. Maziko yalikuwa Alhamisi huko Bukavu. Ndugu waliopo Brussels, Liège na Namur walikuwa wanakuja kukaa kilio nyumbani kwake, wafuate maziko kwa simu, wapike, wasali, wachange. Yeye ndiye mkubwa wa familia upande huu wa dunia. Mwenye kilio hawezi kuwa Uccle anasugua beseni la watu huku wageni wamekaa sebuleni kwake.

Ninachoshika katika kazi hii ni kwamba barua za ruhusa ni mbili, ingawa kwa macho zinafanana. Kama marehemu yumo katika orodha, barua yako inaarifu. Unamwambia mwajiri kwamba fulani amefariki, nitakuwa nje siku hizi, cheti kitafuata. Humwombi kitu, maana siku ni zako na malipo ni yako, wajibu wako ni kumjulisha mapema iwezekanavyo. Kama marehemu hayumo, barua yako inaomba, na mwajiri anaweza kusema hapana. Watu wengi wanazichanganya. Mwenye haki anapiga magoti kwenye karatasi mpaka msimamizi anadhani anafanyiwa hisani, na asiye na haki anaandika kwa amri kisha anashangaa mlango umefungwa. Mama alihitaji ya pili, na barua ya kuomba inataka uwe na kitu cha kuweka mezani.

Nikarudi kwenye mfuko. Karatasi ya mwisho ya mshahara ilionyesha amebakiwa na siku 2 za likizo ya mwaka. Hizo ni zake, ingawa tarehe zake lazima akubaliane na mwajiri. Siku ya tatu ingekuwa ruhusa bila malipo, ambayo nayo ni makubaliano. Kuna pia njia ya sababu za dharura, iliyowekwa na mkataba wa pamoja namba 45 wa mwaka 1989: hadi siku 10 kwa mwaka, kwa kawaida bila malipo. Lakini hizo ni za ajali, ugonjwa wa watu wa nyumbani, nyumba kuungua na mambo ya ghafla ya aina hiyo; kifo cha baba mdogo kingeingia humo kwa ridhaa ya mwajiri tu. Nikaona hakuna haja ya kuzunguka. Tuombe wazi.

Na tumwombe nani? Mama alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenye nyumba wa Uccle, ambaye alimpa pole na kumwambia apumzike. Mama akaona mambo yameisha. Hapana. Mwenye nyumba ni mteja. Mwajiri ni ajensi. Ruhusa ya mteja haina nguvu yoyote, na wengi wa kazi hii wameandikiwa utoro huku mwenye nyumba aliyewaruhusu akiwa ameketi zake.

Nikaandika kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

“Madamu, baba yangu mdogo amefariki Jumatatu huko Bukavu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Atazikwa Alhamisi. Familia iliyopo Ubelgiji inakusanyika nyumbani kwangu kwa maombolezo.

Najua kwamba kifo hiki hakinipi siku za msiba kisheria. Kwa hiyo naomba kuwa nje ya kazi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa wiki hii. Jumatano na Alhamisi zikatwe katika likizo yangu ya mwaka, ambayo imebaki siku mbili. Ijumaa iwe ruhusa bila malipo.

Siku hizo nina nyumba tatu, mbili za Uccle na moja ya Woluwe. Nitarudi kazini Jumatatu.

Naomba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, kabla ya Jumanne jioni.”

Kisha nikamsomea, sentensi moja Kifaransa, sentensi moja Kiswahili. Hii ndiyo hatua ambayo waandishi wenye haraka huiruka, na ndiyo inayoigeuza barua kuwa ya mwenyewe. Akanisimamisha pale mwanzo.

“Hujamsalimia. Unamrushia kifo usoni.”

Kweli, sisi barua zetu huanza na salamu na hali ya watoto, na wenzetu wa Tanzania wana ile “husika na kichwa cha habari hapo juu” inayompa msomaji muda wa kuvaa miwani. Lakini msimamizi wa ajensi anapokea karatasi nyingi asubuhi na anasoma mistari miwili. Kifo kisipokuwa cha kwanza, hakisomwi. Tulikubaliana salamu aipeleke kwa mdomo atakapofika kaunta.

Akasimamisha tena kwenye “najua kwamba kifo hiki hakinipi siku”.

“Kwa nini umwambie? Mwache atafute mwenyewe.”

“Atatafuta, Mama, na atapata. Akikuta tumemficha, atasoma mistari iliyobaki kwa jicho jingine. Akikuta tumesema wenyewe, kazi yake inabaki kuangalia kalenda.”

Hakushawishika sana. Alikubali kwa sharti kwamba nami niongeze neno lake, kuwa huyu mzee ndiye aliyesimama kama baba siku ya ndoa yake. Mimi ningeliacha, ajensi haihusiki na ndoa. Lakini barua ilikuwa yake, tukaliongeza baada ya ile miaka sita. Leo naona lilikuwa neno pekee katika karatasi ile ambalo msimamizi asingeweza kulikuta kwenye barua ya mtu mwingine.

Kifaransa nilikiandika chepesi kwa makusudi. Ajensi haijui kwamba Mama hasomi. Aliposaini mkataba aliitikia kwa kichwa kila ukurasa. Ningeiandika kama wakili, wangedhani anaweza kupokea majibu ya namna hiyo. Nilimshauri aseme tu kwamba kuna mtu amemsaidia kuandika. Akakataa, kwa aibu na kwa hofu, na sikumlazimisha. Miaka hii anahudhuria masomo ya jioni, ya aina ile ambayo Lire et Écrire wamekuwa wakiyaendesha nchini hapa tangu 1983, na kitu cha kwanza alichojifunza ni jina lake. Akalisaini mwenyewe, herufi kubwakubwa, ulimi ukiwa umetoka pembeni mwa mdomo. Mara mbili, kwa sababu tulichapisha nakala mbili: moja ya ajensi, na moja ya kwake igongwe muhuri au isainiwe na tarehe pale kaunta. Kama wangekataa kuisaini, ningempeleka posta akaitume kwa rejesta.

Kuna watakaosema angetuma sauti kwa simu, yaishe. Sauti inatosha kwa msimamizi mwema, siku ambayo yuko kazini. Jibu lilikuja Jumanne mchana kwa ujumbe mfupi wa simu: siku zote tatu zimekubaliwa, pole kwa msiba. Mama akanitumia picha ya ujumbe nimsomee. Kilio kikakaa, mzee akazikwa, watu wakaondoka Jumamosi.

Mwisho wa mwezi akaja tena na bahasha, safari hii imefunguliwa. Jumatano na Alhamisi zilikuwa zimeandikwa likizo ya mwaka, sawasawa. Ijumaa ilikuwa imeandikwa kutofika kazini bila sababu. Yeye asingeona, maana kwa mshahara ni kilekile: siku isiyolipwa haijalipwa. Lakini utoro ukirundikana kwenye faili ndio unaotolewa siku wanapotaka kukuondoa. Tukatuma picha ya ule ujumbe pamoja na nakala ya barua yenye saini ya kaunta. Karatasi mpya ilifika baada ya siku chache, Ijumaa imerekebishwa. Hakuna aliyefanya ubaya. Mtu wa mishahara hakuongea na mtu wa kaunta. Ndiyo maana nasema barua ya ruhusa haijamalizika mpaka karatasi ya mshahara ya mwezi ule imesomwa, na anayemwandikia asiyesoma amekubali pia kumsomea kitakachorudi.

Sheria ya mwaka 2021 haikuongeza siku za wajane na wazazi tu. Iliwakumbuka pia wazazi wa malezi: mtoto aliyewekwa rasmi kwa muda mrefu kwenye familia nyingine anapata siku 3 akifiwa na mlezi wake. Kwa hiyo Wabelgiji wameshakubali kwamba anayekulea anaweza kuwa mzazi. Walichotaka ni karatasi ya kumweka mtoto pale, na watoto wa Bukavu, Uvira na Kalemie waliwekwa kwa baba zao wadogo bila hakimu wala muhuri. Siku moja tu, ya maziko, kwa mtu aliyemlea mfanyakazi, ingeweza kuingia katika mkataba wa sekta bila kungoja bunge. Kazi ya vocha ina kamati yake ya pamoja ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, namba 322.01, na kamati kama hizo zina uwezo wa kutoa zaidi ya kile kilichowekwa na amri ya 1963. Ndugu zetu wenye kadi za CSC na FGTB, na katika usafi wa majumbani si wachache, wapeleke ombi hilo kwa wajumbe wao. Walipeleke kwa maandishi, na wabaki na nakala.